Kubadili fakulte baada ya mwaka wa kwanza mbaya: jibu kwa dada yetu wa Bunia



Wiki hii tumepata barua ya dada mmoja mwenye miaka 20, anayesoma Bunia, jimbo la Ituri. Jamaa yake ilikimbia vita katika wilaya ya Djugu na sasa inaishi katika makao ya wahami pembeni ya mji. Yeye mwenyewe analala kwa baba yake mdogo, ambaye ndiye anamlipia masomo. Amemaliza mwaka wa kwanza katika fakulte ya uchumi, na matokeo hayakuwa mazuri. Anaandika hivi: «Kaka, nimeshindwa masomo matano. Watu wananiambia niende sheria, kwa sababu somo la sheria nilipata pointi nzuri. Wengine wanasema nivumilie. Baba mdogo anauliza kama pesa yake inaenda bure. Nifanye nini?» Pamoja na barua ametutumia picha ya karatasi yake ya pointi, ile tunaita releve, na ameturuhusu kuitumia bila kutaja jina lake wala chuo chake.

Dada yetu, maoni yangu ni haya: usiamue kwa kuangalia jumla ya pointi, wala kwa kuangalia idadi ya masomo uliyoshindwa. Angalia ni masomo gani umeshindwa, kwa sababu gani, na kama masomo hayo yana watoto. Nasema watoto kwa maana ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu yanayozaliwa nayo. Mtu akishindwa somo lisilo na mtoto, analirudilia na mambo yanaisha. Lakini akishindwa somo lenye watoto bila kujua sababu, atakutana na somo lile lile kila mwaka, likiwa na jina lingine.

Tuanze na hesabu ya krediti, kwa sababu ndiyo inayosema kama unapanda ao unabaki. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika mfumo wa LMD. Mwaka mmoja una krediti 60, muhula mmoja krediti 30, na lisansi nzima ni krediti 180. Ukipata pointi 10 kwa 20 katika somo, krediti za somo hilo ni zako na hakuna atakayekunyanganya. Vyuo vingi vinafuata mpaka wa krediti 45 kwa 60: mwenye kuufikia anapanda mwaka wa pili akiwa na madeni ya masomo yaliyobaki, na asiyeufikia anarudilia. Vyuo vingine vinaruhusu pia pointi za somo moja zisaidie somo lingine la kundi moja. Kwa hiyo kwanza uliza sheria hiyo kwa sekretari wa fakulte yako, na uombe kuiona kwenye karatasi.

Sasa releve yako. Katika muhula wa kwanza ulipata kontabilite 13, utangulizi wa sheria 14, Kifaransa 13, komputa 11 na uraia 12. Ulishindwa hisabati ya uchumi, pointi 6, na mikroekonomia, pointi 8. Katika muhula wa pili ulipata kontabilite ya pili 12, hesabu ya riba 10, historia ya uchumi 11 na njia za utafiti 12. Ulishindwa statistiki, pointi 7, na jografia ya uchumi, pointi 5. Kwenye Kiingereza hakuna pointi hata moja, kuna kistari tu.

Nimejumlisha krediti za masomo uliyoshinda: ni 36. Masomo matano uliyoshindwa yana krediti 24, yaani hisabati 6, mikroekonomia 5, statistiki 6, jografia 4 na Kiingereza 3. Ili ufike kwenye 45, umekosa krediti 9. Mtu akisikia «nimeshindwa masomo matano» anaona mlima. Mtu akisikia «nimekosa krediti 9, na sesyo ya pili iko mbele» anaona mlima mwingine, mfupi kidogo. Ni releve ile ile.

Angalia sasa kila somo peke yake, kwa sababu hayo matano hayafanani.

Kiingereza: kistari si kushindwa. Umeandika katika barua kwamba mtihani uliufanya na jina lako ulilisaini kwenye orodha ya waliohudhuria. Basi pointi zako zimekosekana njiani, kati ya mwalimu na juri. Jambo hili linatokea mara nyingi, zaidi sana kwa masomo ya walimu wageni wanaokuja siku chache, wanafundisha na wanarudi kwao. Njia yake ni kuandika barua ya kuomba marekebisho, ile tunaita rekuri, kwa juri. Lakini ujue kwamba muda wake ni siku chache tu baada ya matokeo kubandikwa, na tarehe ya mwisho huandikwa kwenye tangazo lile lile la ubaoni. Mwenye kuchelewa anaambiwa angoje sesyo ya pili na alifanye tena somo ambalo pengine alikuwa amelishinda. Kwa hiyo, dada, barua hiyo iende kesho asubuhi, si juma lijalo. Andika jina lako, namba yako ya kujiandikisha, jina la somo, tarehe ya mtihani, na useme kwamba ulisaini. Tengeneza nakala mbili, na moja wakugongee muhuri wa kupokea.

Jografia ya uchumi: ulisema kwamba majuma matatu ya mwanzo wa muhula wa pili hukuwa shuleni, kwa sababu ndiyo wakati jamaa ilikimbia na wewe ulienda kutafuta wadogo zako. Katika majuma hayo mwalimu alifanya interogasyo mbili. Hukuwepo, ukapewa sifuri mbili. Halafu kwenye mtihani wenyewe ulipata zaidi ya nusu. Pointi 5 hizi hazisemi kitu juu ya akili yako wala juu ya fakulte uliyochagua. Zinasema juu ya vita. Na jografia ya uchumi katika fakulte yako haina mtoto: hakuna somo la mwaka wa pili linaloanzia hapo. Ni somo la kusoma na kukumbuka. Siku saba za kazi nzuri zinatosha kulitayarisha kwa sesyo ya pili.

Masomo yanayobaki ni hisabati, mikroekonomia na statistiki. Haya yana watoto, tena wengi. Hisabati ya kwanza inazaa hisabati ya pili. Statistiki ya kueleza, ambako mtu anatafuta wastani na kupima namna bei zinavyotawanyika, inazaa statistiki ya kukadiri. Mbele zaidi, hisabati na statistiki zinaungana na kuzaa ekonometria, ambayo ndiyo inawakamata wanafunzi wengi wa uchumi. Mikroekonomia nayo inarudi katika karibu kila somo la bei, la soko na la kodi. Ni hapa peke yake swali lako la kuhama lina maana. Kama ungeshindwa masomo matano yasiyo na watoto, ningekuambia ubaki bila kufikiri mara mbili.

Lakini hata hapa, pointi 6 hazitoshi kusema «hisabati si yangu». Lazima ujue kalamu yako ilisimamia wapi. Fanya hivi. Chukua karatasi ya mtihani uliopita, ao umwombe mwenzako nakala, keti mahali penye utulivu, na ujaribu kila swali bila kuangalia daftari. Pale unaposhindwa kuendelea, weka alama na uandike sababu. Nitakupa mfano wa swali la aina ile linalotolewa mwaka wa kwanza.

Mama mmoja anauza sabuni anazotengeneza mwenyewe. Akitengeneza katoni q, bei ya katoni moja inakuwa `p = 20 - q`, kwa sababu akileta nyingi sokoni bei inashuka. Gharama yake yote ni `C = 8q + 10`. Atengeneze katoni ngapi ili apate faida kubwa kuliko zote?

Hatua ya kwanza ni kutafuta mapato: bei mara idadi, yaani `R = 20q - q²`. Hatua ya pili ni kuondoa gharama ili kupata faida: `F = 12q - q² - 10`. Hatua ya tatu ni kutafuta derivati na kuiweka sawa na sifuri: `12 - 2q = 0`, basi `q = 6`. Hatua ya nne ni kurudisha jibu katika maneno: mama atengeneze katoni 6, na faida itakuwa `72 - 36 - 10 = 26`. Ukitaka kuhakikisha, jaribu katoni 5 ao 7: zote mbili zinatoa faida ya 25.

Sasa jiulize ulikwama wapi. Kama ulikwama kwenye hatua ya kwanza ao ya pili, yaani kuzidisha mabano, kubadili alama, kuondoa sehemu moja kutoka nyingine, basi shida yako si ya chuo kikuu. Ni ya sekondari. Ulituambia ulimaliza sekisyo ya pedagojia, ambako saa za hisabati ni chache kuliko kwa wale wa sekisyo ya sayansi. Mwalimu wa chuo anadhani wote mmetoka mahali pamoja, kwa hiyo hafundishi hatua hizo. Shimo hilo linajazwa. Kwa saa moja na nusu kila siku, ukiwa na kitabu cha mwaka wa tatu na wa nne wa sekondari, majuma matano yanaonyesha tofauti.

Kama hatua mbili za kwanza zilienda vizuri na ulikwama kwenye ya tatu, basi ni somo lenyewe ambalo hukulifuata, na ni hapo mwenzako aliyeshinda anaweza kukusaidia kwa siku chache. Kama ulikwama hata kabla ya hatua ya kwanza, kwa kuwa hukuelewa swali linataka nini, basi shida ni Kifaransa cha maswali, si hesabu. Lakini kwako sidhani, kwa sababu Kifaransa ulipata 13. Na kama hatua zote unaziweza ukiwa nyumbani lakini darasani zinakimbia, basi shida ni muda na woga, na dawa yake ni kufanya mitihani ya zamani ukiwa na saa mezani.

Kuna hali ya tano, na lazima niiseme wazi. Kuna mtu ambaye hatua zote anazijua, shimo amelijaza, lakini kila akifungua daftari la uchumi moyo wake unalala. Hataki kujua kwa nini mama auze katoni 6. Mtu huyo, hata akishinda, mwaka wa tatu utamchosha. Kwake kuhama si kukimbia. Jaribu kusikiliza kama hiyo ndiyo hali yako, lakini usiseme ni hiyo kabla ya kujua kalamu yako ilisimamia wapi. Kwani somo tusiloliweza mara nyingi tunasema hatulipendi.

Tuje sasa kwa fakulte ya sheria, ambako wanakusukuma. Pointi 14 katika utangulizi wa sheria ni nzuri, lakini somo lile kwa wanafunzi wa uchumi ni la krediti 4, fupi, la kuhifadhi maana za maneno. Katika fakulte ya sheria yenyewe kazi ni nyingine: kusoma kurasa nyingi kila siku, kulinganisha vifungu vya sheria, na kuandika jibu refu la Kifaransa lenye sababu zilizopangwa. Kabla ya kwenda, omba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria akuazime silabusi ya sheria ya kiraia kuhusu watu na jamaa. Soma kurasa 30 kwa siku mbili, kisha ujibu swali moja la mtihani wao kwa maandishi. Ukifurahia kazi hiyo, hiyo ni alama. Ukichoka kwenye ukurasa wa kumi, hiyo pia ni alama, na haijakugharimu hata franga.

Halafu piga hesabu ya kile utakachobeba. Ukienda sheria, wanaweza kukubali Kifaransa, komputa, uraia, pengine utangulizi wa sheria na njia za utafiti. Kontabilite zako mbili, zenye pointi 13 na 12, zitabaki nyuma, na hizo peke yake ni krediti 12. Utaanza tena mwaka wa kwanza. Mwaka huo una bei: pesa za masomo, chakula, safari, na pia mwaka mmoja zaidi kabla ya kuanza kazi. Umeandika kwamba mdogo wako anaingia mwaka wa sita wa sekondari na anangoja pesa za mtihani wa Serikali. Pesa hizo zinatoka katika mfuko mmoja. Siyo sababu ya kujilazimisha kubaki, lakini ni sababu ya kutoondoka kwa kukisia.

Kuna mlango mwingine ambao barua yako haikuutaja. Kontabilite 13 na 12, hesabu ya riba 10: pointi hizi zinaonyesha kwamba hesabu za vitabu vya biashara unaziweza. Katika fakulte nyingi za uchumi, baada ya masomo ya pamoja kuna njia mbili: uchumi wenyewe na usimamizi wa biashara, ile wanaita jestyo. Njia ya jestyo inaenda upande wa kontabilite ya gharama, kodi za biashara na usimamizi wa pesa, na uzito wa ekonometria unapungua. Vilevile kuna vyuo vya juu vya biashara ambavyo kontabilite ndiyo moyo wa masomo yake. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na kontabilite ya biashara zetu inafuata kanuni zake. Kontabilite uliyoisoma ni ile ile utakayoikuta huko, kwa hiyo ni vyepesi zaidi kuitambulisha.

Angalia lakini: jestyo haifuti deni lako. Hisabati ya kwanza na statistiki ya kwanza mara nyingi ni masomo ya wote, na mwanafunzi wa jestyo atadaiwa vilevile. Uliza swali hilo mapema. Wanafunzi wengine wanahama njia wakidhani wameiacha hisabati nyuma, na wanaikuta mlangoni wakati wa kumaliza.

Basi mpango wangu kwako ni huu. Kesho peleka rekuri ya Kiingereza. Ikikubaliwa na pointi zako zikiwa nzuri, una krediti 39. Umesema yamebaki majuma matano kabla ya sesyo ya pili. Kila siku, asubuhi, saa moja na nusu ni ya hesabu za sekondari, kwa sababu kazi hiyo moja inasaidia hisabati na mikroekonomia pamoja. Mchana, majuma mawili ya kwanza yawe ya mikroekonomia, majuma mawili yanayofuata yawe ya statistiki, na juma la mwisho liwe la jografia, kwa kuwa somo la kukumbuka linapenda kusomwa karibu na mtihani. Hisabati uiandikie pia sesyo ya pili, hata kama hujajisikia tayari. Pointi utakazopata zitakufundisha kitu.

Jografia ikiingia unakuwa na 43. Mikroekonomia ao statistiki ikiingia, mojawapo tu, umevuka 45. Lakini usisimame hapo kusherehekea, kwa sababu swali halikuwa kupanda tu. Soma matokeo hivi.

Kama kati ya yale masomo matatu yenye watoto umeshinda mawili, baki. Shida ilikuwa shimo la sekondari na majuma ya vita, na umeonyesha kwamba unaweza kuvijaza. Kama umevuka 45 lakini hisabati na statistiki zimebaki, na pointi zimepanda kufika 8 ao 9, panda na madeni yako, na uchague njia ya jestyo. Usiache madeni yafike mwaka wa tatu. Kama umefanya kazi kila siku na pointi hazikusogea hata moja, hapo kalamu imesema. Chukua releve yako uende kwenye chuo cha biashara, upande wa kontabilite, ukiwa na krediti zako mkononi. Na kama katika majuma hayo silabusi ya sheria uliisoma usiku bila mtu kukulazimisha, ongeza mlango huo kwenye hesabu.

Ikiwa utahama, shika utaratibu huu, maana ni hapa wengi wanaibiwa mwaka. Omba releve yenye muhuri na saini, si picha ya ubaoni. Omba pia maelezo ya kila somo na krediti zake, na karatasi inayosema huna deni la pesa, kwa sababu bila hiyo chuo cha zamani kinaweza kukatalia releve. Peleka vyote na barua kwa sekretari wa fakulte mpya, uombe wakuandikie ni masomo gani wanayakubali. Usilipe transhi ya kwanza kabla ya kupata karatasi hiyo. Neno la mdomoni, «tutaangalia mbele», si jibu. Aliyekuambia anaweza kuwa amehamishwa kabla ya mwezi wa tatu.

Kwa ndugu wahami ambao diploma ya Serikali iliungua ao ilibaki njiani: msikae nyumbani mkingoja amani. Anzeni kwa kupata cheti cha kupoteza vyeti katika biro ya serikali pale mlipo, kisha mtafute ushahidi wa matokeo kupitia shule yenu ao inspeksyo, kwa kuwa majina ya waliofaulu hubaki kwenye orodha za palmare. Vyuo vingi vinapokea karatasi hizo kwa muda wakati diploma yenyewe inafuatwa.

Dada yetu, linabaki jambo la baba mdogo. Usimwendee na kilio wala na ahadi. Mwendee na releve. Mwonyeshe kistari cha Kiingereza, mwonyeshe zile sifuri mbili za wakati wa kukimbia, kisha mwonyeshe hisabati bila kuficha. Mwambie: «Baba mdogo, nimekosa krediti 9. Nina majuma matano. Tarehe fulani tutajua, na mambo yakienda hivi nitafanya hivi, yakienda vile nitafanya vile.» Mzee anayelipa hakasirikii pointi 6 kama anavyokasirikia kutojua pesa yake inaelekea wapi. Mwombe pia kitu kimoja tu: kwa majuma hayo matano, kazi za asubuhi pale nyumbani zigawanywe na wengine, ili ile saa moja na nusu iwe yako kweli. Bila saa hiyo mpango wote huu ni maneno matupu, na yeye ndiye anayeweza kuitoa.

Ukishapata jibu la rekuri, tuandikie. Na wengine mlio na releve kama hii, msitutumie jumla ya asilimia peke yake. Tumeni masomo na pointi zake, moja moja.